Maelezo ya ingizo na karatasi zake

Maelezo ni ule mstari unaoandikwa chini ya debiti na krediti. Husomwa na mtu ambaye hakuwapo, mara nyingi mkaguzi, miezi mingi baadaye. Karani mgeni huandika "kusahihisha kosa" na kuona kazi imekwisha. Kosa gani, la lini?

Tuseme lita 120 za dizeli ya jenereta, shilingi 360,000, ziliingizwa kimakosa kwenye akaunti ya gharama za magari. Ingizo la kurekebisha hudebiti gharama za jenereta na kukrediti gharama za magari. Maelezo yanayotosha ni haya: "Kuhamisha gharama ya dizeli lita 120 ya jenereta, hati ya malipo namba 214 ya Machi 6, iliyoingizwa kimakosa kwenye gharama za magari." Namba ya hati ndiyo inayomrudisha msomaji kwenye chanzo.

Kinachoambatishwa ni nakala ya hati hiyo, risiti ya kituo cha mafuta na ukurasa wa daftari la jenereta unaoonyesha lita zilizopokelewa. Risiti peke yake huthibitisha kwamba mafuta yalinunuliwa. Haisemi yaliingia tangi lipi. Kila karatasi huandikwa namba ya ingizo, maana pini hung'oka.

Risiti za EFD huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Hutolewa nakala siku ileile, kisha zote mbili huhifadhiwa pamoja.