Bima ya vyombo vya nyumbani: kukata chini kwa kusema na kukata chini kwa kunyamaza

Mwizi anayevunja dirisha Kibokoni usiku hana lori. Kichochoro hakipitishi gari, na alicho nacho ni mikono miwili na mkoba. Atachukua vidani na bangili, simu, laptopu, na televisheni kama amekuja na mwenzake. Kasha la njumu, samadari, friji na makabati atayaacha pale pale. Hesabu hiyo ndiyo iliyo nyuma ya bima ya hasara ya kwanza, ambayo mawakala huiita fasti losi.

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Amepita chumba kwa chumba na daftari, akapata vyombo vyake vyote vina thamani ya shilingi 4,000,000. Akifikiria wizi mbaya kabisa, haoni ukipita 1,000,000. Kwa bima ya kawaida ya wizi, inambidi akate kwa 4,000,000 nzima. Kwa hasara ya kwanza, anaiambia kampuni mambo mawili: nyumba yangu ina vitu vya 4,000,000, nami nataka mnilinde na wizi hadi 1,000,000.

Yote mawili lazima yaandikwe kwenye mkataba. Watu wetu wengi hukata bima ndogo kimya kimya ili walipe kidogo, wakidhani ni jambo lile lile. Sivyo. Siku ya kudai, kampuni hutuma mkaguzi, na mkaguzi huangalia kilichoibiwa na kilichobaki.

Tuseme wezi wamechukua vitu vya 600,000. Yule aliyeandika 1,000,000 bila kusema kitu, mkaguzi akakuta nyumba ilikuwa na mali ya 4,000,000, huambiwa amejikatia bima robo tu, basi na fidia yake ni robo: 150,000. Hiyo ndiyo kanuni ya uwiano, na ipo katika maandishi madogo ya mikataba mingi. Mama wetu aliyetaja 4,000,000 na kuchagua kikomo cha 1,000,000 analipwa 600,000, ukiondoa ekses, kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe. Kikomo ni kile kile, wizi ni ule ule, ila mmoja alisema na mwingine alinyamaza.

Hata katika hasara ya kwanza, uwiano hurudi ukidanganya ile thamani nzima. Angeandika 2,000,000 badala ya 4,000,000, angepewa nusu, yaani 300,000. Kwa hivyo daftari lile lisahihishwe kila mwaka, hasa baada ya harusi, dhahabu inapoongezeka ndani ya nyumba.

Usitarajie ada kushuka hadi robo. Kampuni inajua kwamba wizi mwingi hauvuki hiyo milioni ya kwanza, kwa hivyo imebaki na sehemu kubwa ya hatari. Utaokoa kiasi, lakini si kama unavyodhani. Pia soma masharti ya wizi wenyewe: mikataba mingi hutaka alama za kuvunja, na hubana nyumba ikikaa tupu muda mrefu, mara nyingi zaidi ya siku 30. Anayefunga mlango kwenda Umra kisha akapitia kwa jamaa Maskati ataarifu kampuni kabla ya safari.

Dhahabu ina mtego wake. Mikataba ya nyumbani mara nyingi husema kitu kimoja kisichotajwa kwa jina hakihesabiwi kupita asilimia 5 ya kiwango cha bima. Asilimia 5 ya 4,000,000 ni 200,000, lakini ya 1,000,000 ni 50,000 tu, na kidani cha arusi hupita hapo bila shida. Muulize wakala asilimia hiyo inapigwa juu ya ipi, na vidani viorodheshwe kimoja kimoja, pamoja na picha na risiti ya sonara. Anayechukua takaful naye aulize swali hilo hilo.

Tena kikomo hiki kiwe cha wizi peke yake. Moto hauchagui vyepesi. Mji wa Kale nyumba zimeegemeana, dari nyingi ni za boriti, roshani ni za mbao, na gari la zimamoto haliingii kila kichochoro. Moto ukishika, kasha na samadari huenda pamoja na vidani, kwa hivyo sehemu ya moto ibaki 4,000,000. Wakala akikuletea karatasi yenye kikomo kimoja kwa majanga yote, irudishe ikagawanywe.

Mama wetu akishalipwa zile 600,000, kikomo chake kwa kawaida kimebaki 400,000 hadi mwaka wa bima uishe. Kukirudisha 1,000,000 huombwa kwa barua na huongezwa ada kidogo, na barua hiyo ni bora ipelekwe siku ile ile hundi inapochukuliwa, kwa sababu wezi waliokwisha kulijua dirisha hulirudia.