Kuchambua Tarehe za Zabuni: Kutoka Waraka Mrefu Hadi Jedwali Moja

Waraka wa zabuni ya ujenzi wa serikali nchini Kenya mara nyingi huzidi kurasa mia moja, na tarehe zake hazikai pamoja. Tangazo la gazetini hutaja moja tu, siku na saa ya kufungwa. Zilizobaki zimetawanyika ndani ya waraka, na nyingi hazijaandikwa kama tarehe. Zimeandikwa kama hesabu: siku kadhaa tangu zabuni kufungwa, siku kadhaa kabla ya kufungwa, miezi kadhaa tangu barua ya kukubaliwa. Mzabuni anayetaka kuzitimiza zote hana budi kuzitoa moja moja, azigeuze kuwa tarehe za kalenda, kisha aziweke katika jedwali la ukaguzi ambalo kila mhusika ofisini anaweza kulifuata.

Waraka wa kawaida huanza na mwaliko, ukafuatwa na Maelekezo kwa Wazabuni, Karatasi ya Data ya Zabuni, vigezo vya tathmini, fomu za kujazwa, michoro na maelezo ya kiufundi, Masharti ya Jumla ya Mkataba na mwishoni Masharti Mahususi. Maelekezo na Masharti ya Jumla ni maandishi ya kiolezo yanayorudiwa katika zabuni nyingi. Yanayohusu kazi yenyewe yamo katika Karatasi ya Data na Masharti Mahususi, na sehemu hizi mbili ndizo zinazotawala pale zinapopingana na kiolezo. Kwa hiyo usomaji huanzia kwenye Karatasi ya Data, kisha kila kifungu chake husomwa sambamba na kifungu cha Maelekezo kinachokirekebisha. Anayesoma kuanzia ukurasa wa kwanza kwenda mbele huishia kunakili siku za kiolezo ambazo Karatasi ya Data imekwisha kuzibadilisha.

Baada ya kusoma huja kutafuta. Nyaraka nyingi za zabuni za Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kuingiza kwenye kisanduku cha kutafutia ni `days`, `months`, `within`, `not later than`, `prior to`, `valid` na `expiry`. Neno `days` peke yake hufichua sehemu kubwa ya masharti ya muda. `valid` huleta kundi jingine ambalo husahaulika zaidi, yaani vyeti na dhamana. Tatizo hutokea pale faili linapokuwa na kurasa zilizopigwa picha kwa skana: kompyuta huziona kama picha, na utafutaji huzipita kimya kimya. Dalili ni rahisi kuiona. Neno linaloonekana kwa macho kwenye ukurasa halipatikani linapotafutwa. Kurasa hizo husomwa kwa macho, mstari kwa mstari.

Kila sharti linalopatikana huwa mstari mmoja wa jedwali, na ubora wa jedwali hutegemea kilichomo katika mstari huo. Tarehe peke yake haitoshi. Mstari mzuri una namba ya kifungu na ukurasa, maneno ya waraka kama yalivyo, tukio ambalo hesabu inaanzia, idadi ya siku, tarehe iliyopatikana pamoja na saa, jina la mtu anayewajibika na ushahidi utakaoonyesha kuwa sharti limetimizwa. Safu mbili za katikati, tukio la kuanzia na idadi ya siku, ndizo ambazo wengi huziacha kwa kuona kuwa tarehe ikishajulikana hesabu haina kazi tena. Sababu ya kuzihitaji huonekana siku taasisi inapobadilisha siku ya kufunga.

Chukua mfano wa kubuni wa kaunti inayotafuta mkandarasi wa kujenga zahanati. Tangazo linatoka Jumanne tarehe 3 Machi 2026, na zabuni inafungwa Jumanne tarehe 24 Machi saa 5:00 asubuhi. Ziara ya eneo la kazi ni tarehe 10 Machi, na kuhudhuria ni lazima. Maswali ya ufafanuzi yapokelewe siku 7 kabla ya kufungwa, yaani tarehe 17 Machi. Zabuni iwe halali kwa siku 120 tangu siku ya kufungwa, na dhamana ya zabuni kutoka benki iwe halali kwa siku 30 zaidi ya uhalali wa zabuni.

Katika hesabu hizi, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Huo ndio msimamo wa kifungu cha 57 cha Sheria ya Ufafanuzi na Masharti ya Jumla, Sura ya 2 ya sheria za Kenya. Siku ya kwanza ni tarehe 25 Machi. Machi inatoa siku 7, Aprili 30, Mei 31, Juni 30, na siku 22 za Julai zinakamilisha 120. Zabuni ni halali hadi tarehe 22 Julai, na dhamana inatakiwa kudumu hadi tarehe 21 Agosti. Lahajedwali kama Excel hufanya hesabu hiyo kwa mistari mitatu, mradi tarehe ya kufunga iandikwe mara moja tu na nyingine zote zitokane nayo:

```
B2: =DATE(2026,3,24)
B3: =B2+120
B4: =B3+30
```

Dhamana ndiyo tarehe inayoangusha wazabuni wenye uwezo. Mkandarasi hufika benki tarehe 18 Machi na kuomba dhamana ya siku 150, kwa sababu 120 na 30 ni 150. Benki huandika kuwa dhamana itadumu siku 150 tangu siku ya kutolewa. Hesabu ya benki ni sahihi, lakini imeanzia mahali pengine: dhamana inakwisha tarehe 15 Agosti, siku 6 kabla ya tarehe inayotakiwa. Kwa kuwa uhalali wa dhamana kwa kawaida ni sharti la lazima la hatua ya awali, zabuni hiyo huweza kutupwa kabla bei yake haijasomwa na kamati ya tathmini. Njia ya kuepuka hilo ni kuipelekea benki tarehe ya kalenda badala ya idadi ya siku, na kuomba tarehe hiyo iandikwe ndani ya dhamana. Kisha barua ya benki husomwa upya inapopokelewa, kabla haijafungashwa.

Hesabu inapokuwa na shaka, mwelekeo wa tahadhari si mmoja kwa mistari yote. Kwa jambo la kufanywa kabla ya siku fulani, kama kutuma maswali au kuwasilisha zabuni, tarehe iliyo mapema ndiyo huchukuliwa. Kwa kitu kinachotakiwa kudumu, kama dhamana, huchukuliwa iliyo mbali zaidi. Dhamana inayozidi kwa siku mbili kwa kawaida haimdhuru mzabuni, ilhali iliyopungua kwa siku moja humtoa. Vivyo hivyo, tangazo likisema saa 4:00 asubuhi na Karatasi ya Data ikisema saa 5:00, jedwali hubeba saa 4:00 hadi taasisi ijibu swali kwa maandishi. Saa zenyewe ni bora ziandikwe kwa mtindo wa 11:00, kama zilivyo kwenye waraka, maana ofisi nzima husema saa tano na haikosi mtu wa kuandika 5:00.

Kuna kundi la masharti ambalo hesabu yake inarudi nyuma. Waraka hutaka kazi zinazofanana zilizokamilika ndani ya miaka 5 iliyopita, dondoo ya wakurugenzi wa kampuni, maarufu kama CR12, iliyotolewa ndani ya miezi 12, au hesabu zilizokaguliwa za miaka 3. Hapa swali ni miaka hiyo inahesabiwa kutoka siku gani, na waraka usiposema, hiyo ni hoja ya kuulizwa kabla ya tarehe 17 Machi. Cheti cha Mamlaka ya Mapato cha kuthibitisha ulipaji kodi hudumu miezi 12, kwa hiyo kilichotolewa tarehe 20 Machi 2025 kiko sawa siku ya ziara na kimekwisha nguvu siku ya kufunguliwa. Kila cheti hupewa mstari wake na tarehe yake ya mwisho, ikilinganishwa na siku ya kufunguliwa na si siku kilipowekwa kwenye faili.

Jedwali pia hubeba tarehe ambazo waraka hauzitaji, nazo ni za ndani ya ofisi. Katika mfano huu Idi-ul-Fitri inaangukia karibu na tarehe 20 Machi, kutegemea kuandama kwa mwezi, na sikukuu ikikutana na wikendi benki hufungwa kwa siku kadhaa mfululizo. Ombi la dhamana lililopangwa kwa siku hizo halitafanikiwa. Linarudishwa hadi Jumatatu tarehe 16 Machi au mapema zaidi.

Kisha huja waraka wa nyongeza. Tuseme kaunti inabadilisha michoro tarehe 19 Machi. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 75, hutaka muda usogezwe ikiwa marekebisho yametolewa wakati uliobaki ni pungufu ya theluthi ya muda wa kuandaa zabuni. Hapa muda ulikuwa siku 21, theluthi yake ni 7, na zimebaki 5. Zabuni inasogezwa hadi tarehe 31 Machi. Katika jedwali inabadilishwa tarehe moja tu, ile ya kisanduku cha B2, na nyingine zinafuata: zabuni hadi 29 Julai, dhamana hadi 28 Agosti. Dhamana iliyokwisha kutolewa hadi 21 Agosti sasa imepungua kwa siku 7, na inarudi benki kurekebishwa. Aliyeandika tarehe bila asili yake angesahihisha siku ya kufunga na kuiacha dhamana ya zamani ndani ya bahasha. Nyongeza yenyewe hupewa mstari pia, kwa sababu fomu ya zabuni humtaka mzabuni athibitishe kuwa amezipokea zote.

Baadhi ya mistari hukaa bila tarehe kwa muda mrefu, na hilo si kosa. Barua ya matokeo haijulikani itatoka lini, lakini kinachofuata kinajulikana. Kwa sheria hiyo hiyo, mkataba hautiwi saini kabla siku 14 hazijapita tangu taarifa ya matokeo, na asiyeridhika ana siku 14 kupeleka malalamiko mbele ya bodi ya mapitio. Mstari huandikwa "barua ya matokeo + 14", na tarehe hujazwa siku barua inapofika. Taasisi ikichelewa, kifungu cha 88 kinairuhusu kurefusha uhalali wa zabuni mara moja tu, kwa siku zisizozidi 30. Katika mfano huu mwisho wa juu kabisa ungekuwa tarehe 28 Agosti. Mzabuni anayekubali urefushaji huo hurudi tena benki, kwa kuwa dhamana yake sasa inatakiwa kufika tarehe 27 Septemba.

Kwa anayeshinda, Masharti Mahususi huanzisha hesabu mpya kutoka barua ya kukubaliwa: dhamana ya utekelezaji, ratiba ya kazi, bima, kukabidhiwa eneo, siku ya kukamilisha, na kipindi cha kurekebisha kasoro ambacho huanza jengo linapopokelewa. Mistari hii hutolewa kwenye waraka wakati ule ule wa zabuni, kwa sababu muda wa kukamilisha kazi na fidia ya kila siku ya kuchelewa vinaingia katika bei ambayo mzabuni ataiandika.