Kuigeuza Ratiba Kuu ya Shule Kuwa Jedwali la Madarasa na Siku

Katika shule za sekondari, zikiwemo za Jiji la Arusha, ratiba kuu huweza kuonesha somo na namba ya mwalimu bila kutaja chumba. Kuipanga upya, madarasa huorodheshwa kwenye mistari, na Jumatatu hadi Ijumaa kwenye safu. Kila kisanduku hubeba namba ya kipindi, somo, mwalimu na chumba. Vipindi viwili mfululizo huandikwa kimoja kimoja, kwani cha pili husahaulika kwa urahisi.

Mathalani, Jumanne Kidato cha Pili A kina Kemia, mwalimu 07, kipindi cha 3 na cha 4, maabara. Kidato cha Tatu B kina Biolojia, mwalimu 12, kipindi cha 4, maabara hiyo hiyo. Walimu ni tofauti, hivyo ratiba ya awali haioneshi mgongano. Safu ya Jumanne ikisomwa kutoka juu hadi chini, mgongano hubainika, na Biolojia huhamishwa kabla madarasa mawili hayajakutana mlangoni.