Risala ya Jiwe la Msingi

Katika vijiji vya Tanzania, darasa jipya mara nyingi huanza kwa nguvu za wananchi. Wao huchimba msingi, husomba mawe na mchanga na kuinua boma. Halmashauri au wahisani huchangia umaliziaji. Risala nzuri hufuata mtiririko huo:

“Mheshimiwa mgeni rasmi, tunajenga madarasa mawili. Wananchi wamechimba msingi na kuleta mawe. Mfadhili wetu ametoa saruji. Halmashauri imeahidi mabati. Bado hatuna madawati.”

Msomaji atenganishe kilichotolewa na kilichoahidiwa. Akivichanganya, kijiji kitaamini mabati yameshafika, na ahadi itakosa wa kuifuatilia. Boma lisiloezekwa huliwa na mvua, na jasho la wananchi hupotea.