Barua ya Uhamisho Kazini

Barua ya uhamisho humweleza mfanyakazi aende wapi, lini, kwa gharama ya nani na chini ya nani. Mfano ni karani wa benki anayehamishwa kutoka tawi la Dodoma kwenda Mwanza. Barua ya tarehe 3 Machi humtaka aripoti tarehe 1 Aprili, saa 2:00 asubuhi, kwa meneja wa tawi, anayetajwa kwa jina na cheo. Posho huchanganuliwa: nauli yake na ya familia, usafirishaji wa mizigo, na fedha ya kujikimu kwa siku zilizotajwa. Siku ya malipo nayo huandikwa. Ikikosekana, karani huweza kulazimika kukopa nauli. Nakala hupelekwa kwa mameneja wote wawili, ili mmoja asimamie makabidhiano na mwingine ajiandae kumpokea.