Utosi hauzibwi kwa mafuta

"Daktari, nimkande na mafuta gani ili utosi uwahi kuziba?" Nimeulizwa tena wiki hii, kwa hiyo najibu hapa ili wote wasome. Hakuna mafuta ya namna hiyo. Si ya nyonyo, si ya nazi, si yaliyochanganywa na mvuje. Utosi ni pengo lililofunikwa na utando imara, mahali ambapo mifupa ya fuvu bado haijakutana kwa sababu ubongo ungali unakua. Kwa watoto wengi mifupa hiyo hukutana kati ya mwezi wa 12 na wa 18, mtoto akandwe asikandwe. Ukiuona unadunda, hayo ni mapigo ya moyo.

Kinachoniudhi zaidi ni muda unaopotea. Tuseme mtoto wa miezi minne anaharisha tangu jana. Jioni bibi anaona utosi umebonyea, anaupaka mafuta ya nyonyo, anaukandamiza kwa kiganja na kumfunga kitambaa kichwani. Kufika asubuhi utosi uko vilevile, mdomo umekauka, nepi haijalowa usiku kucha, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Utosi ulibonyea kwa sababu mwili umeishiwa maji, na mafuta ya kichwani hayaongezi hata tone. Alihitaji kunyonyeshwa mara kwa mara, kupewa ORS kijiko kwa kijiko, na kupelekwa kituo cha afya jioni ileile. Kinyume chake, utosi ukivimba hali mtoto ametulia na halii, hasa akiwa na homa, mkimbize hospitali: huenda ni homa ya uti wa mgongo. Bibi zetu, nawasihi, msiukandamize utosi kwa sababu yoyote ile.

Kukanda kwenyewe ni kuzuri, na mtoto aliyekandwa jioni mara nyingi hulala kwa urahisi. Subiri kama nusu saa baada ya kunyonya. Funga dirisha, mlaze kwenye taulo sakafuni au katikati ya kitanda, maana mtoto mwenye mafuta huteleza. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au ya alizeti yasiyotiwa manukato kinatosha. Yapashe moto viganjani mwako. Anza na miguu, kutoka paja hadi unyayo, kisha tumbo kwa kuzunguka mshale wa saa unakoelekea, mikono, na mwisho mgongo. Kitovu kikiwa bado hakijapona, acha tumbo. Usivute viungo, usiminye matiti yake, usitie mafuta puani wala masikioni. Dakika kumi zinatosha, na akigeuza uso au akilia, acha hapohapo. Akiwa na homa, vipele au jeraha, au paja likiwa limevimba baada ya chanjo, usimkande. Mafuta yenye kafuri yaondoe kabisa chumbani mwa mtoto: kafuri ikiingia mwilini mwake inaweza kumtia degedege.