Akiba ya kuzidisha mara mbili hukwama mwezi wa nane

Mwanakikoba mwenzangu, fundi cherehani, alinionyesha kwenye simu jedwali alilotumiwa na rafiki yake. Januari weka 1,000. Februari 2,000, Machi 4,000, kila mwezi zidisha mara mbili ya uliopita. Chini kabisa, kwa herufi nene, palikuwa na jumla ya mwaka mzima: shilingi 4,095,000. Alikuwa amelifuata tangu Januari bila kuruka mwezi, na sasa ilikuwa Agosti. "Kaka," akaniambia, "mwezi huu linataka 128,000. Mimi nikijikaza sana natoa laki."

Jumla ile ya jedwali si ya uongo. Huu ni mfululizo wa kijiometri, ambapo kila kiasi hupatikana kwa kuzidisha kilichotangulia kwa namba ileile, hapa 2. Kujumlisha kwake kuna njia ya mkato. Chukua miezi yake saba kwa maelfu: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Zidisha kila kimoja kwa 2, upate 2, 4, 8, hadi 128. Sasa toa orodha ya kwanza kwenye ya pili. Namba zote za katikati zinafutana, zinabaki 128 na 1 tu. Kwa hiyo jumla ni 128 kasoro 1, yaani 127, na kweli kibubu chake kilikuwa na 127,000. Kwa kifupi, ukianza na kiasi a kwa miezi n:

S = a(2^n − 1)

Kwa miezi 12, 2^12 ni 4,096. Toa 1, zidisha kwa 1,000, unapata 4,095,000 ileile.

Kasoro iko kwenye mgawanyo wake. Desemba peke yake inadai 2,048,000, zaidi kidogo ya nusu ya akiba yote ya mwaka. Oktoba, Novemba na Desemba kwa pamoja zinabeba 3,584,000. Miezi tisa ya mwanzo, ile inayomfanya mtu ajione mweka akiba hodari, inaleta 511,000 tu.

Tazama tena ile 127 na 128. Mwezi wowote utakaochagua, kiasi unachotakiwa kuweka ni kikubwa kuliko vyote ulivyokwisha kuweka vikijumlishwa. Fundi wangu alikuwa anadaiwa kwa mwezi mmoja zaidi ya alichokusanya kwa miezi saba. Hapo ndipo hesabu inapoachana na mfuko. Na kuna jambo ambalo jedwali halisemi: kwa kuwa jumla daima ni mara mbili ya weko la mwisho kasoro lile la kwanza, mtu ambaye mwisho wa uwezo wake ni laki moja kwa mwezi hawezi kwa njia hii kufikisha laki mbili, hata aanze na shilingi ngapi. Angeweka laki ileile kila mwezi tangu Januari, Julai angekuwa na 700,000.

Mahali pa kukwama panajulikana kabla hujaanza. Gawanya uwezo wako wa juu kabisa wa mwezi kwa weko la kwanza. Kwake ni 100,000 kwa 1,000, yaani 100. Hesabu 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Inayofuata imevuka 100, basi una miezi saba. Aliniuliza kama angeanza na 500 asingefika mbali zaidi. Angefika, kwa mwezi mmoja. Hata kipato chake kingeongezeka maradufu, angenunua mwezi mmoja tu.

Nilitaka aweke kiasi kilekile kila mwezi, akakataa, na sababu yake ilikuwa nzuri: Januari yeye hulipa ada, fedha za maana humjia mwishoni mwa mwaka watu wanaposhona nguo za Krismasi na sare za shule. Anahitaji akiba inayopanda, ila taratibu. Tukabadili ile 2 kuwa 1.1, maana yake kila mwezi unaongeza asilimia kumi. Kanuni inakuwa:

S = a(1.1^n − 1) / 0.1

Tulianza na mwisho tukarudi nyuma. Desemba isizidi laki. Kwa miezi 12, weko la kwanza linakuwa kama 35,000. Februari 38,500, Machi 42,350, mpaka Desemba 99,859. Jumla ni karibu 748,000. Si milioni nne, lakini inazidi mara tano na nusu ile 127,000 aliyoikusanya kabla ya kukwama.

Alinakili namba hizo nyuma ya daftari lake la vipimo, akizungusha kila moja hadi mia iliyo karibu ili isimsumbue kutafuta chenji. Zile 127,000 alizokwisha kuweka akaniambia nisiziingize kwenye hesabu. Alikuwa na kitambaa cha kununua.